Mtoto Aseme Kama Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waandishi wa Skripti, Lamu na Malindi

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara waandishi wanapoleta skripti zenye watoto ndani yake. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayokwamisha hata waliozoea. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Ya msingi

1. Nimempa mtoto maneno mepesi na sentensi fupi. Mbona bado anasikika wa uongo?

Kwa sababu maneno ni ya kitoto lakini kazi uliyompa ni ya mtu mzima. Kwenye skripti nyingi mtoto huletwa onyeshoni ili aseme kile ambacho mwandishi angependa mtazamaji akihisi: kwamba nyumba imepoa, kwamba mama amechoka, kwamba mapenzi yanashinda pesa. Hiyo ni kazi ya mhadhiri, na hata ukimpa kwa maneno matatu matatu itabaki kuwa ya mhadhiri.

Mtoto husema ili apate kitu, aepuke kitu, au asiachwe nje ya jambo. Kabla ya kumwandikia mstari wowote, jibu mambo matatu kuhusu onyesho hilo. Anataka nini ambacho kinaweza kushikwa kwa mkono au kuonekana kwa macho? Mikono yake inafanya nini wakati huo? Na ni habari gani ambayo watu wazima wanayo naye hana, au amepata nusu yake tu? Ukishindwa kujibu la kwanza, mtoe mtoto kwenye onyesho. Ukishindwa la tatu, huenda unaandika mtu mzima mfupi.

2. Nitayatambuaje machozi ya kulazimisha kwenye ukurasa wangu mwenyewe?

Tazama mstari wa mwisho wa mtoto katika kila onyesho. Hapo ndipo yanapojificha. Uufute, kisha usome onyesho upya. Mara nyingi halipungukiwi na kitu, na wakati mwingine linapata nguvu, maana mtazamaji ameachiwa nafasi ya kufika mwenyewe.

Dalili ya pili ni watu wazima wanaonyamaza. Mtoto akisema neno na kila mtu akasimama, akamtazama, akainamisha kichwa, ujue umeandika makofi ndani ya skripti. Nyumbani watu hawasimamishi kazi kwa sababu mtoto amesema. Mama anaendelea kukanda unga wa mahamri, na pengine amesikia nusu tu.

Dalili ya tatu ni maelekezo ya mabano: (kwa huzuni), (machozi yakimlengalenga), (kwa sauti ya kutetemeka). Mwelekezi hawezi kumwomba mtoto wa miaka saba atetemeshe sauti bila kupata mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi. Andika tendo badala yake. Badala ya (kwa huzuni), mtoto aendelee kubandua ganda la kidonda gotini.

3. Je, niandike makosa ya sarufi ili asikike mdogo?

Kwa mtoto wa miaka miwili, ndiyo, na hata hapo kwa kipimo. Watoto wa umri huo huangusha viambishi vya mwanzo vya kitenzi, kwa hiyo utasikia "taka maji" badala ya "nataka maji". Lakini anayekua na Kiswahili nyumbani, akifika miaka mitano, huwa ameshika sehemu kubwa ya sarufi. Ukimwandikia wa miaka saba "mimi taka kula", mtazamaji wa pwani ataona ama mtoto mgonjwa, ama mwandishi mgeni.

Kinachomponza mtoto wa miaka mitano au sita ni kutojua msikilizaji anajua nini. Anasimulia kana kwamba nawe ulikuwepo:

"Akamwambia atamrudishia, halafu akakataa, halafu yule mwengine akaja akamnyang'anya, halafu mwalimu akampiga yeye."

Nani alimnyang'anya nani? Kiswahili chetu kinasaidia hapa, maana kiambishi "a-" hakimtaji mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mdogo. Mtu mzima angetaja majina, mtoto hatambui kuwa yanahitajika. Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa hata moja, na bado hakuna atakayedhani ni ya mtu mzima. Halafu inamlazimisha mwenzake aulize, na hapo mazungumzo yameanza.

4. Miaka mitano, minane na kumi na miwili inatofautianaje?

Chukua uongo kama kipimo, maana uongo hukua na umri na skripti nyingi huuhitaji.

Wa miaka mitano anaweza kudanganya, ila hawezi kuutunza uongo wake. Atasema hakula halua, na ukimuuliza ilikuwaje atakujibu ilikuwa tamu. Wa miaka minane anaweza kulinda sehemu ya mbele ya uongo, lakini ukiuliza maswali mawili ya pembeni, kama lini na nani alikuwepo, unaanza kuvuja. Wa miaka kumi na miwili ameshagundua kuwa usalama uko katika kusema kidogo: anajibu swali kwa swali, au anasema jambo la kweli lisilohusiana.

Kejeli nayo hufuata njia hiyo. Wa miaka mitano akiambiwa "umefanya vizuri sana" baada ya kumwaga maziwa, anaweza kuamini amesifiwa. Kwa hiyo usimpe mtoto mdogo mstari wa kejeli atamke kama mchekeshaji. Mpe akutane na kejeli ya mkubwa na aielewe vibaya. Mfano kamili wa umri ukibadilisha onyesho lile lile uko swali la 9.

## Lugha ya hapa

5. Mtoto wa Lamu aandikwe kwa Kiamu au kwa Kiswahili sanifu?

Maelekezo ya matendo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, maana yatasomwa na mpiga picha na mshika sauti ambao huenda wametoka mbali. Mazungumzo yaandikwe kwa Kiamu, lakini kwa mtu anayekijua. Mtoto wa Mkomani anayesema "njoo, nina njaa, nipe maji" amekwisha kuhamishwa mji. Yeye atasema "ndoo", "ndaa", "mai". Macho kwake ni mato, leo ni yeo, jana ni yana, vitu ni zitu.

Makosa huwa mawili. La kwanza ni kubadilisha kila neno mpaka skripti ionekane kama maonyesho ya lahaja. Mtoto wa leo yuko shuleni na ana simu ya dada yake, kwa hiyo maneno ya shule na ya runinga yamo kinywani mwake kwa umbo la shule. Atasema "gredi" na "homuweki" katika sentensi ile ile yenye "yana". La pili ni kuwapa Kiamu watoto na bibi peke yao huku wazazi wakisema sanifu. Mtazamaji husoma hapo kuwa lahaja ni ya watu wa kuchekesha na kuonewa huruma. Hiyo nayo ni namna ya machozi ya kulazimisha, ila imevaa kanzu.

Tahadhari ndogo ya kazi: "ndoo" ya kuitana na ndoo ya maji huandikwa sawasawa. Onyesho likiwa na zote mbili, panga sentensi isiache shaka, la sivyo mwigizaji mgeni atamwita mwenzake kama anayeagiza chombo.

6. Na Malindi?

Malindi mjini mtoto mmoja anaweza kuwa na lugha nne kwa siku moja: Kigiriama kwa nyanya yake, Kiswahili mtaani, Kiingereza cha darasani, na vipande vya Kiitaliano alivyookota ufuoni, kuanzia "chao" na kuendelea. Watoto wakubwa huongeza Sheng.

Usimwandikie mchanganyiko uleule kila mahali. Mtoto hubadilisha kulingana na anayemsikiliza, na kule kubadilisha ndiko kunakokupa tendo bila maelezo. Mvulana wa miaka kumi anayezungumza na wenzake kwa Sheng, akaona mama yake anakuja na ghafla sentensi ikanyooka, ameshakuonyesha kuwa kuna jambo. Hutahitaji mama aseme "mbona una wasiwasi?"

7. Watoto wa pwani wana adabu mbele ya wakubwa. Nitapataje mgongano kama mtoto hawezi kumjibu baba yake?

Adabu ndiyo inayokupa mgongano. Mtoto wa Lamu wa miaka minane hatamwambia baba yake mbele ya mgeni "hunipendi". Atamwamkia mgeni, atambusu mkono, atamwita ami, kisha atafanya alichokusudia kwa njia ya kuzunguka: atachelewa kuleta kahawa, atajibu swali ambalo hakuulizwa, atasema kweli kwa wakati usiofaa. Upinzani unaopita chini ya adabu huonekana vizuri zaidi kwenye kamera kuliko kelele.

Kumbuka pia kuwa mtoto hapa ni mtu wa kutumwa. Anapeleka sahani kwa jirani, anarudisha jibu, anaitwa katikati ya mchezo. Kutumwa kunakupa sababu ya kumwingiza na kumtoa onyeshoni bila kulazimisha, na kunampa maneno yasiyo yake ya kubeba. Ule mzaha wa mtoto anayesema "mama asema hayupo" umechakaa, uuache. Lakini mtoto anayefikisha ujumbe wa mama yake na kuongeza ombi lake mwenyewe katikati, kwa sauti ileile ya mama, bado hajachakaa.

## Onyesho moja, hatua kwa hatua

8. Naomba mfano: onyesho lenye huzuni lililoandikwa vibaya, kisha likarekebishwa.

Chukua hili. Lali ana miaka minane, Lamu. Baba yake anauza punda wa kubebea mchanga na mawe, kwa sababu dada yake Lali anahitaji pesa za shule. Mnunuzi, Kassim, amekuja kumkagua. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

LALI (akilia)
Baba, tafadhali usimuuze! Yeye ndiye rafiki yangu wa pekee. Pesa haziwezi kununua mapenzi!

Baba anamkumbatia. Kassim anafuta chozi.

Mstari wa Lali umetaja mada ya filamu nzima, kwa hiyo hakuna kilichobaki kwa mtazamaji. "Mapenzi" na "rafiki wa pekee" ni maneno ya kujumlisha, nayo ni ya mtu anayelitazama jambo kwa mbali. Ametamka mbele ya mgeni yale ambayo swali la 7 limeeleza kuwa hayatamkwi. Na baya zaidi, hakuna anayeweza kumjibu. Baba hana la kufanya ila kumkumbatia, na onyesho limekufa.

Sasa rudi kwenye yale matatu ya swali la 1. Anachotaka Lali: Kassim aondoke bila punda. Mikono yake: amebeba ndoo, maana ni saa ya kumnywesha. Habari anayokosa: hajui kuwa bei imeshakubaliwa, anadhani ukaguzi ndio utakaoamua. Ukishayajua haya, onyesho linajiandika:

NJE. UWANJA NYUMA YA NYUMBA, LAMU – ALASIRI

Punda amefungwa kigingini. KASSIM anamfunua midomo, anatazama meno. BABA yuko kando. LALI (8) anakuja na ndoo, maji yanamwagika miguuni mwake.

LALI
Huyu huuma.

BABA
Lali.

LALI
Alimuuma Bwanadi. Hapa.

Anaonyesha mkono wake mwenyewe.

KASSIM
Lini?

LALI
Yana.

BABA
Bwanadi yuko Mombasa tangu Ramadhani.

LALI
Basi si yana.

Kassim anainua mguu wa nyuma wa punda, anapiga kwato kwa kidole.

KASSIM
Na chakula, ala nini?

LALI
Mkate wa mofa. Kila siku. Na ukimpa wa yana hali.

BABA
Mai haya peleka ndani.

LALI
Ni yake.

Anaweka ndoo chini. Punda anakunywa. Lali ameshika mkono wa ndoo, haachi.

Hakuna aliyelia na hakuna aliyesema kuwa anampenda punda. Lakini kila mstari wa Lali ni jaribio la kumzuia Kassim, na kila jaribio linavunjwa na jambo dogo. Uongo wa Bwanadi unavuja pale pale ambapo swali la 4 limesema utavuja kwa umri wake: kwenye "lini". Uongo wa mkate ni wa kuchekesha, na ni mwerevu vile vile, kwa sababu Lali ameshaelewa kuwa mnunuzi anaogopa gharama. Baba hakumkaripia. Amemtaja jina, kisha amemtuma, kama baba yeyote aliye na mgeni. Na Kassim anaendelea na kazi yake. Anayekagua punda hutazama meno ili kukisia umri, hutazama kwato na miguu, na mikono yake ikiwa na kazi hatakuwa na nafasi ya kufuta chozi.

9. Onyesho hilo lingekuwaje kama Lali angekuwa na miaka mitano? Au kumi na miwili?

Wa miaka mitano hana mkakati. Angesema "Simtaki huyu" akimwonyesha Kassim kidole, mbele yake, bila kushusha sauti. Kisha angeanza kumuuliza Kassim kuhusu kofia yake. Huzuni yake ingekuja baadaye, kwa jambo lisilohusika: kukataa kuoga, au kutaka kulala na kamba. Usimpe fikira inayodumu onyesho zima. Hamu yake huchukua mistari miwili, mitatu, kisha hugeuka.

Wa miaka kumi na miwili angekuwa ameshajua kuwa bei imekubaliwa, na pengine kuwa pesa ni za dada. Yeye hatadanganya. Atamuuliza Kassim maswali ya heshima ambayo yana mwiba ndani: "Wale wako wawili wa mwaka jana, ami, wako wapi sasa?" Atamsaidia hata kufungua kamba, haraka kuliko inavyohitajika. Katika umri huu kuonekana mtoto ndiyo aibu kubwa, kwa hiyo hisia inageuka kuwa ufanisi. Ukiona kijana wa miaka kumi na miwili kwenye skripti yako analia mbele ya mgeni, uliza ni nini kingine kimemshinda siku hiyo.

Hadithi ni ileile, lakini maonyesho ni matatu tofauti kabisa. Ndiyo maana kuandika "LALI, mtoto" bila umri kwenye skripti ni kosa. Andika namba, na usiibadilishe katikati ya rasimu bila kuandika upya kila mstari wake.

10. Baada ya punda kuondoka, niweke nini? Nimefikiria Lali akijaza ndoo asubuhi kwa mazoea, kisha akakumbuka.

Kila mwandishi hufikiria hivyo, na ndiyo sababu ya kuiacha. Picha ya kitu kilichobaki bila mwenyewe ni mstari wa mapenzi wa rasimu ya kwanza uliorudi bila sauti.

Mpe Lali dai. Watoto wana hisia kali sana ya nani anamiliki nini, hata vitu vya thamani ndogo. Kwa mfano: kamba aliyofungwa punda ilinunuliwa na Lali mwenyewe kwa shilingi 50 za Idi. Punda ameuzwa, kamba haikuuzwa. Kesho yake anatoka chuoni, anakwenda mpaka kwa Kassim, anamwamkia, na anadai kamba yake. Kassim anaweza kumpa, kumlipa, au kumcheka, na kila njia ina onyesho ndani yake. Akilipwa shilingi 50 na akazikataa kwa sababu ile kamba ilikuwa ndefu zaidi ya hizo zinazouzwa sasa, umefika mbali bila neno moja kuhusu mapenzi.

## Mazito na magumu

11. Mtoto aliyefiwa na baba aandikwe vipi?

Mtoto mdogo haombolezi mfululizo. Hulia, kisha huuliza kama kuna soda, kisha hucheza, kisha hurudi kulia. Waandishi huogopa ile soda wakidhani itamfanya aonekane hana moyo. Iandike. Walio chini ya miaka sita au saba pia huenda hawajaelewa kuwa kifo hakirudi nyuma, kwa hiyo swali "atarudi Idi?" si ushairi, ni swali la ratiba. Ajibiwe kama la ratiba.

Msiba wa pwani unampa mtoto mengi ya kuona: viatu vingi mlangoni, binamu waliokuja kulala, sufuria za kuazima, wanaume waliokaa nje kwenye mikeka. Mpe mtoto kazi ya kupanga viatu. Kisha hadithi ina muda wake wa kisheria: mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Katika muda huo mtoto wa miaka tisa anakuwa miguu ya nyumba: dukani, kwa fundi, kwa mdeni wa baba. Malalamiko yake yatakuwa kuhusu kutumwa, kwamba dada hatumwi na yeye hutumwa, kwamba amekosa mchezo. Uzito wa kifo upo wote ndani ya malalamiko hayo. Ukimfanya asimame baharini na kuzungumza na baba yake, umeutupa.

12. Mtoto mwerevu sana ni mhusika mbaya?

La, ila werevu wake uwe na mipaka inayoonekana. Mtoto wa mvuvi mwenye miaka kumi anaweza kukuambia bila kufikiri ni siku gani kuna bamvua na lini maji ni mafu, chombo kipi kitakwama mlangoni pa mkondo na kipi hakitakwama. Huyohuyo anaweza kuamini kuwa benki huweka noti zilezile ulizopeleka, zikiwa zimeandikwa jina lako. Ukiweka yote mawili ndani ya dakika tano, anaaminika. Akijua bahari, benki na mioyo ya watu, amekuwa mzee aliyekatwa miguu.

13. Watoto wanne pamoja: mbona majibizano yao yanasikika kama kwaya?

Kwa sababu umewagawia hoja moja, kila mmoja kipande chake. Watoto katika kundi hawajibizani kwa zamu. Wawili wanashindania cheo, mmoja anasimulia jambo ambalo hakuna anayesikiliza, na wa nne anataka tu kujua tiara yake iko kwa nani. Andika nyuzi mbili zinazoendelea kwa pamoja na ziruhusu zikatane. Usiwaite MTOTO 1 na MTOTO 2. Hata jina la utani linamlazimisha mwandishi kumpa kila mmoja dai lake.

## Kutoka karatasini hadi kwenye kamera

14. Nisikilize watoto wapi, na nisikilize nini?

Kaa pale wanapokuwa na shughuli: gatini alasiri wakiruka majini, kwa muuza viazi karai, njiani wakitoka chuoni. Ukimketisha mtoto na kumwomba azungumze, utapata sauti anayowapa wageni. Ukitaka kurekodi, mzazi aombwe kwanza.

Jaribio moja linafaa kuliko mengine. Mwombe mtoto amweleze mtoto mdogo zaidi jinsi ya kucheza mchezo wowote, kisha akueleze wewe mchezo huohuo. Linganisha. Kwa mdogo wake atakuwa mkali, wa kuamuru, atabadilisha sheria katikati kwa faida yake. Kwako atakuwa mpole na wa kujumlisha. Skripti nyingi zimejaa sauti ya pili, na zinahitaji ya kwanza.

15. Mistari iwe mirefu kiasi gani, na kama mwigizaji hajui kusoma?

Kwa mwigizaji wa miaka sita hadi minane, mstari unaotoshea pumzi moja: maneno matano hadi manane ya Kiswahili ni mengi ya kutosha, maana maneno yetu ni marefu. Mstari mrefu ukihitajika, ukate kwa tendo au kwa mkubwa anayemkatiza.

Asiyesoma hufundishwa kwa mdomo, na akikariri neno kwa neno utaona macho yake yakitafuta. Kwa hiyo pigia mstari maneno ambayo hadithi haiwezi kuyakosa. Katika onyesho la swali la 8 ni mawili tu: "huuma" na "yana". Mengine yote mtoto ayaseme anavyojua. Na kila onyesho lake liwe na kitu cha kushika, kwa sababu mtoto mwenye ndoo nzito hana nafasi ya kukumbuka kuwa anaigiza.

16. Vipi sauti ya msimulizi ya mtoto inayosikika juu ya picha?

Ni hatari, maana msimulizi hana anayemtaka kitu, na tumesema mtoto husema ili apate kitu. Kama ni lazima, mpe anayemsimulia na sababu: anajitetea kwa mwalimu wa chuo, au anamweleza binamu aliyekosa tukio. Hapo atachagua, ataruka, atajisifu. Msimulizi mtu mzima anayekumbuka utoto ni kitu kingine kabisa, na mistari ya mtoto ndani ya picha isiathiriwe na hekima yake.

17. Hadithi yangu ni ya leo, lakini naandika kwa kumbukumbu ya utoto wangu. Kuna shida?

Shida kubwa huwa shuleni. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, kwa hiyo mtoto wa leo hasemi "nikifika darasa la nane". Anasema gredi, na baada ya gredi ya sita anaingia sekondari ya chini. Michezo, pipi na bei nazo zimehama. Kama kila kitu kwenye kumbukumbu yako ni cha thamani kiasi cha kukataa kukibadilisha, peleka hadithi nyuma mwaka ule na uandike mwaka kwenye ukurasa wa kwanza. Hiyo ni rahisi kuliko kumvalisha mtoto wa leo nostaljia yako.